Somo: Meseji zako kutokea kwenye aipadi ya mwanao

Tuchukue hali hii: mama ana aifoni, mtoto ana aipadi, na zote mbili zimeingizwa akaunti moja ya Apple ili wasilipie hifadhi mara mbili. Siku moja meseji ya benki inajitokeza kwenye aipadi. Hapo hakuna aliyedukuliwa. Kwa mfumo, vifaa vyote vya akaunti moja ni vya mtu mmoja.

Meseji hupita njia tatu, na kufunga moja tu hakutoshi.

1. Kwenye aipadi, fungua Settings > Apps > Messages > Send & Receive. Namba au barua pepe ya mama ikiwa na alama ya tiki, iMessage zake zitaingia hapo. Ondoa tiki.

2. Kwenye aifoni, hukohuko Messages, fungua Text Message Forwarding na uizime aipadi. Njia hii ndiyo hupeleka SMS za kawaida, zikiwemo za benki.

3. Rudi kwenye aipadi: Settings > jina la akaunti > iCloud > Messages, kisha zima Use on this iPad. Wengi huisahau hii, nayo ndiyo huleta mazungumzo yote, hata ya zamani.

Sasa angalia mpangilio wa kazi. Ukifuta mazungumzo kwenye aipadi kabla ya hatua ya 3, yanafutika na kwenye aifoni. Zima kwanza, ndipo ufute. Ukishateleza, fungua Recently Deleted mapema. Meseji hukaa humo siku 30 hivi.

Dawa ya kudumu ni kila mtu kuwa na akaunti yake, kisha kuunganishwa kwa Family Sharing. Kundi huchukua watu 6 pamoja na mwanzilishi. Mnagawana nafasi ya iCloud+ na manunuzi, lakini meseji na picha za kila mmoja hubaki kwake.

Maswali ya wanachama

*Nimeiondoa aipadi kwenye orodha ya vifaa vyangu, kesho yake imerudi. Kwa nini?*
Kwa sababu bado iko ndani ya akaunti. Ikipata intaneti inajiandikisha upya. Ichukue mkononi, ingia Settings > jina > Sign Out, ndipo uiondoe kwenye orodha.

*Na kama kifaa kiko kwa ndugu aliye mbali?*
Badilisha nenosiri, kisha kiondoe kwenye orodha. Hakitaweza kurudi bila nenosiri jipya. Ila meseji zilizokwisha kupakuliwa humo usizihesabu kuwa zimeondoka.

*Mume wangu tuko naye Family Sharing. Anasoma meseji zangu?*
Kwa njia hiyo, hapana. Fungua Settings > jina lako, ushuke hadi chini kwenye vifaa. Ukikuta simu yake imo, basi ameingia kwa akaunti yako, na hilo ni jambo jingine kabisa.