Kusoma nywele za mbele: zinavutwa na msuko au zinaanguka kwa sababu nyingine?

Mteja mmoja alikuja na mtoto wa miezi minne mgongoni. Mapanja yake yalikuwa yamepungua nywele, naye akasema, "Dada, ni ule uzazi." Nilimkagua kama ninavyomkagua kila mteja kabla ya kumsuka.

Hatua ya 1. Fumua zote, osha, kausha, kisha mweke karibu na dirisha. Kwenye msuko huwezi kuona kitu.

Hatua ya 2. Angalia nywele zimepungua wapi. Nywele za baada ya kujifungua huanza kutoka kati ya mwezi wa pili na wa nne, na hupungua kichwa kizima. Ukipitisha chanuo zinatoka nyingi, zikiwa na kijivimbe cheupe kwenye shina. Zake hazikutoka hivyo. Upungufu ulikuwa mbele ya masikio na juu ya mapanja tu, pale anapovuta rasta kuzifunga juu.

Hatua ya 3. Tafuta ukingo. Hii ndiyo alama ninayoitegemea kuliko zote. Nywele za kuvutwa huacha mstari wa vinywele vyembamba mbele kabisa, kwa sababu vile ni vifupi mno, msusi havishiki. Nyuma yake ndipo penye upara. Mteja wangu alikuwa nao pande zote mbili. Kama mstari huo haupo, paji linarudi nyuma na nyusi nazo zinapungua, usisuke. Huo ni ugonjwa mwingine, unamhitaji daktari wa ngozi. Kiraka cha duara, laini kabisa, si cha msuko pia. Magamba na nywele zilizokatika, hasa kwa mtoto, fikiria mapunye.

Hatua ya 4. Angalia dalili za mapema, kabla upara haujaja. Ngozi inainuka kama kihema kwenye shina la rasta. Kuna vipele vidogo, vingine vyenye usaha, na maumivu yanayomnyima mtu usingizi siku ya kwanza. Utaona pia vijipete vyeupe vilivyozunguka unywele. Wengi hudhani ni mba au mayai ya chawa, lakini yai huganda, kijipete huteleza ukikivuta kwa kucha.

Hatua ya 5. Angalia vitundu vya nywele. Vikionekana, nywele zina nafasi ya kurudi. Ngozi ikiwa laini inayong'aa bila vitundu, kovu limeshaingia, na hakuna mafuta ya dukani yatakayolifungua.

Hatua ya 6. Acha kuvuta. Nilimwambia asisuke wala kushonea mbele, asifunge juu, na asitie dawa ya kulainisha, maana nywele zenye dawa zikivutwa huharibika zaidi. Unywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo hatukupima chochote kabla ya mwezi wa tatu.

Mwezi wa sita panja la kulia lilikuwa limejaa. La kushoto lilibaki na eneo la ukubwa wa kucha ya kidole gumba, halina kitundu hata kimoja. Hapo nikamwelekeza kwa daktari wa ngozi.