SOMO: Kufunga zawadi na kuandika kadi kaunta – bei, kipimo cha karatasi na mwisho wa oda

Kila Novemba ikiingia naulizwa mambo yale yale: nitoze ngapi, karatasi nikate vipi, oda nifunge lini. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo naliweka hapa lote. Atakayeuliza kilichoandikwa tayari nitamrudisha juu.

Nazungumzia duka la kawaida la akedi, yale majengo ya maduka mengi hapa Kampala: kaunta moja, watu wawili, hakuna chumba cha nyuma. Bei ni za kwangu. Kama kwako karatasi inapatikana rahisi kuliko kwenye maduka ya jumla ya Kikuubo, badilisha hesabu.

1. Vifaa. Karatasi za zawadi za sentimita 50 kwa 70, utepe wa roli, selotepu, mkasi mkali, rula ndefu, kadi na bahasha zake, kalamu ya biki.

2. Ng'oa bei kwenye bidhaa mteja akiona. Angalia na chini ya soli ya kiatu.

3. Pima kabla ya kukata. Hapa ndipo pesa inapopotea. Lalisha boksi, ubavu wake mfupi kuliko zote ndio uwe kimo. Upande mmoja wa karatasi unazunguka boksi: jumlisha upana na kimo, zidisha kwa mbili, ongeza sentimita 3 za kupandiana. Upande wa pili unafunika ncha: urefu, jumlisha kimo, jumlisha sentimita 2.

Chukua boksi la viatu la 33 kwa 20 kwa 12. Kuzunguka ni 20 na 12, yaani 32, mara mbili 64, na 3 za kupandiana: 67. Ncha ni 33 na 12 na 2: 47. Karatasi yako ni 70 kwa 50, inaingia moja tu na inabaki sentimita 3 kila upande. Sasa lisimamishe boksi hilo hilo kwa ubavu, kimo kiwe 20. Kuzunguka hakubadiliki, ila ncha zinadai 33 na 20 na 2, yaani 55. Karatasi moja haitoshi tena, unaunga ya pili. Boksi ni lile lile, umelisimamisha tu. Msichana mpya akimaliza karatasi haraka kuliko mauzo, mwangalie anavyoliweka boksi.

4. Panga bei kwa karatasi, usipange kwa thamani ya zawadi. Saa ya laki tatu na kikombe cha elfu kumi vinakula karatasi sawa. Mimi nina saizi tatu: nusu karatasi, karatasi moja, karatasi mbili.

Hesabu ya boksi la viatu ni hii. Karatasi 1,500. Utepe unaopita pande zote na ua lake juu unakwenda kama mita 2 na sentimita 14. Roli ya yadi 25 inatoa maboksi 10, na roli naipata kwa 8,000, kwa hiyo utepe ni 800. Selotepu 200. Muda wa mfanyakazi nauweka 400. Jumla 2,900, natoza 6,000. Usione kama ni faida tupu. Ndani yake kuna karatasi zinazochanika, wateja wa kudumu wanaoomba kupunguziwa, na zile siku za Machi ambazo roli inakaa rafuni inashika vumbi.

5. Kadi na ujumbe. Soma polepole. Karatasi ikichanika unakata nyingine. Kadi ikikosewa, zawadi yote imeharibika na mteja haji tena.

Kwenye kaunta yetu walifungiwa zawadi pacha wawili, Babirye na Nakato. Viatu vya aina moja, saizi tofauti, karatasi rangi moja, maboksi sawasawa. Kadi ziliandikwa vizuri kabisa, zikakaa pembeni zikauke, kisha kila moja ikabandikwa kwenye boksi lisilo lake. Ukishafunga, maboksi mawili ya namna hiyo huwezi kuyatofautisha mpaka uyachane. Siku ya sherehe mkubwa akafungua viatu visivyoingia mguuni, na kadi imetaja jina lake mwenyewe. Tulifunga upya bila malipo, lakini sherehe ilikuwa imeshapita.

Tangu hapo utaratibu ni huu na hauna ruhusa ya kurukwa:

Zawadi ikifika kaunta inapewa namba kabla ya kitu kingine chochote. Namba hiyo inaandikwa kwenye risiti, kwenye kijikaratasi kinachobandikwa chini ya boksi, na kwa penseli nyuma ya bahasha. Ujumbe anauandika mteja mwenyewe kwenye kitabu cha risiti chenye kaboni, kwa herufi kubwa, halafu anatia sahihi. Usiandike kwa kusikia. Majina yetu yana herufi mbili mbili, Ssali siyo Sali, Ssenga siyo Senga, na mwenye jina ataona kosa hilo kabla hajaona zawadi. Akituma kwa simu, unanakili kama ulivyo, hata kama unaona kosa. Ukiwa na shaka mpigie. Kadi inaandikwa, inaingia kwenye bahasha, inabandikwa kwenye boksi lake, ndipo unagusa oda nyingine. Kadi mbili zisiwe wazi mezani kwa wakati mmoja, hata kama foleni imefika mlangoni.

Na kalamu iwe biki. Wino wa jeli kwenye kadi ya kung'aa unapakaa ukigusa kidole, hata baada ya dakika kadhaa.

6. Mwisho wa oda. Usichague tarehe kwa kubahatisha. Boksi la wastani na kadi yake ni dakika 12 hadi 15, tuseme manne kwa saa. Lakini kaunta haitulii, mtu anauliza chaja, mwingine anataka chenji. Mimi nahesabu saa 5 tu za kufunga kwa siku: maboksi 20 kwa mtu, 40 kwa watu wawili. Oda za siku fulani zikifika 40, siku hiyo imejaa, hata kama tarehe ya tangazo haijafika.

Oda inahesabika vikiwa vimefika vitatu: zawadi, ujumbe na pesa. Ujumbe bila pesa si oda. Pesa ya simu bila ujumbe nayo si oda, maana ndiyo itakayokusumbua jioni ya tarehe 24.

7. Tangazo. Liwe fupi, limekaa pale mteja anapolipia. Langu ni hili:

TUNAFUNGA ZAWADI HAPA
Ndogo (kikombe, saa): 4,000
Wastani (shati, viatu): 6,000
Kubwa (blenda, blanketi): 11,000
Kadi na ujumbe wako, maneno 25: 3,000
Kitu ulichonunua kwingine: ongeza 2,000
Oda za Krismasi: mwisho 22 Desemba, saa 12 jioni (18:00)
Baada ya hapo, nafasi ikiwepo: ongeza 3,000

Hiyo saa iandike kwa namna zote mbili. Ukiweka "mwisho saa 12" peke yake, mmoja atakuja adhuhuri akihema, mwingine atakuja usiku akidai bado yupo ndani ya muda.

Maswali karibuni.

---

Kijana wa Ntinda: Boss, kubwa unafunga bei gani?

Mwandishi: Namba 7, mstari wa tatu wa bei.

Mama Kevina: Asante kwa somo, ndugu yangu. Mimi nina duka dogo Jinja. Mteja akileta kitu alichonunua kwingine, kwa nini umuongezee 2,000? Wangu watanuna.

Mwandishi: Swali zuri, mama. Sababu ya kwanza, kwenye bidhaa yako umeshapata faida, kwenye yake hujapata. Ya pili ndiyo kubwa: hujui kilichomo. Lazima ukifungue mbele yake, mkague pamoja, uandike kwenye risiti "blenda moja, nzima, jagi halina ufa". Kazi hiyo ina muda wake. Akikataa kufungua, usipokee. Boksi likifika na jagi lililovunjika, utaulizwa wewe uliyelishika mwisho. Wakinuna sana waondolee hiyo 2,000, ila ukaguzi usiuondoe.

Boda Mstaarabu: Kwa hiyo kufunga karatasi tu ni 6,000? Huo si wizi? Mimi nafunga mwenyewe nyumbani.

Mwandishi: Funga, kaka. Hesabu iko namba 4.

Boda Mstaarabu: Nimeisoma. Bado 3,100 ni nyingi.

Mwandishi: Hiyo 3,100 ina pango la akedi ndani yake. Karibu Machi ujionee roli zilivyolala.

Hajati wa Kawempe: Assalam alaikum. Krismasi ina tarehe, je Idi? Mwezi unaweza kuonekana usiku tumeshafunga duka.

Mwandishi: Wa alaikum salaam, Hajati. Usiandike tarehe ya kalenda ya kawaida, andika ya Ramadhani. Mimi nafunga oda jioni ya mwezi 27 Ramadhani. Siku ya 28 ni ya kumaliza, na kufika 29 kila boksi liwe tayari kuchukuliwa, kwa sababu mwezi ukionekana usiku huo, kesho yake ni Idi. Ukitimia 30 umepata siku moja ya ziada, ndipo unapokea wa haraka wanaoongeza 3,000. Usipange kazi ukitegemea siku hiyo.

Hajati wa Kawempe: Jazakallah. Na ndugu wa Arua wanaotaka kutumiwa kwa basi?

Mwandishi: Hao wafungie siku mbili mapema, kifurushi kifike ofisi ya basi mchana, siyo gari likiwa linawashwa. Na ua la utepe usilifunge juu, litapondwa na magunia. Pitisha utepe bapa tu, ua lilale ndani ya bahasha pamoja na kipande cha selotepu ya pande mbili, mpokeaji alibandike mwenyewe. Halafu boksi zima liingie kwenye katoni, namba ya simu ya mpokeaji iandikwe nje ya katoni. Kwenye kadi usiiweke.

Mwanafunzi Wandegeya: Mteja akisema nisiweke jina lake kwenye kadi?

Mwandishi: Kadi inaweza kukosa jina, risiti haiwezi. Jina na simu ya mtumaji zinabaki kwenye kopi yako. Ujumbe wenye matusi au vitisho unarudisha pamoja na pesa, bila mjadala kaunta.

Kijana wa Ntinda: Na mpira je? Hauna kona.

Mwandishi: Sasa umeuliza. Usipambane nao kwa karatasi, itakunjamana kama uso wa jjajja. Tafuta boksi la mraba, au toa upepo uufunge ukiwa bapa na pampu yake pembeni, kama mteja atakubali.

Mama Kevina: Mimi vipande vinavyobaki nakata vijikaratasi vya namba. Na karatasi iliyokunjwa njiani naipitisha pasi ya moto mdogo, upande wa nyuma, juu yake kitambaa.

Mwandishi: Hiyo ya pasi naichukua, mama. Ila zile za kung'aa zenye nailoni msijaribu, zinashika kwenye pasi.