Kutoka AB + C' hadi namba za mintemu na maksitemu

Mteja wangu mmoja anahifadhi sangara kwenye chumba cha baridi karibu na mwalo wa Kirumba, hapa Mwanza. Alitaka kengele ilie umeme ukikatika, au mlango ukiachwa wazi huku joto la ndani limepanda. Nikaziita A = mlango uko wazi, B = joto limepanda, C = umeme upo. Kengele yenyewe inatumia betri. Fomula ikawa hii, alama ' ikimaanisha kinyume:

```
K = AB + C'
```

Mezani nilikuwa na chipu ya 74HC151. Ina miguu minane ya kuingizia data, kuanzia namba 0 hadi 7, na kila mguu ni hali moja ya A, B na C. Hizo tatu zinaingia kwenye miguu ya kuchagulia, na chipu inatoa kilicho kwenye mguu wa data uliochaguliwa. Kwa hiyo fomula fupi haikunitosha. Nilihitaji kuifungua mpaka kila kipande kiwe mintemu, yaani zao lenye herufi zote tatu, kila herufi mara moja, ama yenyewe ama kinyume chake.

Hatua ya 1: Tazama kipi kinakosa nini

AB inakosa C. C' inakosa A na B. Kabla ya kuandika chochote, hesabu: kipande kinachokosa herufi moja kitazaa mintemu 2, kinachokosa mbili kitazaa 4. Ukipata pungufu au zaidi, umekosea kwenye kufungua.

Hatua ya 2: Zidisha kwa moja

Herufi ikijumlishwa na kinyume chake ni 1, na kuzidisha kwa 1 hakubadilishi kitu. Usizidishe kwa CC'. Hiyo ni sifuri, nayo inafuta kipande chote.

```
AB = AB(C + C') = ABC + ABC'
C' = (A + A')(B + B')C'
   = ABC' + AB'C' + A'BC' + A'B'C'
```

ABC' imejitokeza mara mbili. Ibakize moja tu, kwa sababu katika aljebra ya Boole X + X = X. Zinabaki mintemu tano, si sita.

Hatua ya 3: Zipe namba

Herufi yenyewe ni 1, kinyume ni 0. A ina uzito wa 4, B wa 2, C wa 1.

```
A'B'C' = 000 = 0
A'BC'  = 010 = 2
AB'C'  = 100 = 4
ABC'   = 110 = 6
ABC    = 111 = 7

K = Σm(0,2,4,6,7)
```

Hatua ya 4: Maksitemu ni namba zilizobaki

Kati ya 0 na 7 hazijatajwa 1, 3 na 5. Hizo ndizo hali ambazo kengele inanyamaza, kwa hiyo K = ΠM(1,3,5). Wengi huteleza wanapoziandika kwa herufi, maana kwenye maksitemu mambo yanageuka: 0 inaandikwa herufi yenyewe, 1 inaandikwa kinyume, na zinajumlishwa.

```
M1 (001) = A + B + C'
M3 (011) = A + B' + C'
M5 (101) = A' + B + C'
```

Ukitaka uhakika, zizidishe urudi ulikotoka. M1 na M3 zinatofautiana kwenye B tu, kwa hiyo zao lake ni A + C'. Izidishe na M5, utapata AB + C'.

Hatua ya 5: Funga waya

Miguu 0, 2, 4, 6 na 7 inakwenda chanya; 1, 3 na 5 inakwenda hasi. Mguu wa kuruhusu chipu nao uende hasi, la sivyo chipu haitakusikiliza. Toleo ni Y.

Hapa nilijikwaa. Karatasi ya chipu niliyokuwa nayo inaiita miguu ya kuchagulia A, B na C, lakini kwao A ndiyo yenye uzito wa 1 na C ndiyo ya 4, kinyume na yangu. Nikaunganisha A kwa A, C kwa C, nikaondoka. Jioni simu: "Fundi, kengele inalia na kila kitu kiko sawa!" Mlango umefungwa, baridi ipo, umeme upo: kwangu hiyo ni 001, lakini chipu iliisoma 100, yaani mguu wa 4, ambao nimeufunga chanya. Mbaya zaidi, umeme ukikatika mlango ukiwa wazi na joto halijapanda, 100 yangu inasomwa 001, na kengele inanyamaza.

Nilibadilishana waya mbili, A na C. B inabaki katikati kwa vyovyote. Siku hizi juu ya kila orodha ya namba naandika K(A,B,C), kisha pembeni: A = 4. Karatasi nyingine huiita miguu hiyo S0, S1 na S2. Hapo A yangu inakwenda S2.