Video inacheza kwenye simu, runinga inaikataa

Nilichomeka flashi yenye video ya harusi niliyoirekodi kwa simu, runinga ikatoa sauti huku skrini ikibaki nyeusi. Jina la faili liliishia na .mp4, lakini hicho ni kifungashio tu. Picha zilizomo zilikuwa zimebanwa kwa HEVC, mbinu ya kubana video ambayo simu nyingi za sasa huifungua na runinga nyingi za zamani haziifahamu. Ifungue video kwa programu ya VLC, usome taarifa zake palipoandikwa Codec, kisha ulinganishe na jedwali la miundo ya video katika kijitabu cha runinga, bila kusahau ukubwa wa picha, kwa kuwa runinga inayoishia 1080p huikataa video ya 4K hata iliyobanwa kwa H.264, mbinu ya zamani zaidi.