Somo: Kuchuja namba za kampuni kwenye ukurasa wa "Kuhusu sisi" (mfano: Jumia)

Leo tunaichambua Jumia, duka la mtandaoni lililoingia soko la hisa la New York Aprili 2019. Nimeichagua kwa sababu namba zake za mwaka 2018 ziko wazi kwa yeyote, na yaliyotokea Agosti 2019 yalionyesha ni namba ipi ilikuwa imara.

Hatua ya 1. Nakili kila dai la ukurasa ule kwenye daftari. Dai lisilo na kipimo, kama "jukwaa linaloongoza Afrika", lipige mstari. Linaongoza kwa mauzo, kwa faida au kwa idadi ya nchi? Nani alipima? Hapo hakuna cha kuhakiki. Baki na namba, tarehe na majina.

Hatua ya 2. Toka kwenye tovuti ya kampuni. Sehemu ya wawekezaji ina nyaraka za kweli, ila utakutana kwanza na slaidi ambazo kampuni imezichagua yenyewe. Kampuni iliyoorodheshwa Marekani huwasilisha nyaraka zake kwa SEC, msimamizi wa masoko ya mitaji, na unazisoma bure kwenye sec.gov, sehemu ya EDGAR. Tafuta Jumia Technologies AG. Waraka wa matarajio unaitwa F-1, na taarifa ya kila mwaka ni 20-F.

Hatua ya 3. Hapa ndipo kazi ilipo, msiharakishe. Jumia ilijivunia namba mbili za 2018: wateja hai milioni 4, na GMV, yaani thamani ya jumla ya bidhaa, ya yuro milioni 828. Kwenye F-1 bonyeza Ctrl+F, kisha andika:

```
irrespective of cancellations
```

Utaangukia maelezo madogo yanayosema GMV ni thamani ya oda zote, pamoja na gharama za usafirishaji na VAT, kabla ya kutoa punguzo, bila kujali kama oda ilifutwa au bidhaa ilirudishwa. Kwa hiyo ukiagiza simu asubuhi ukaifuta mchana, bei ya simu hiyo imo ndani ya zile milioni 828. Na wewe pia ni mteja hai, maana kila aliyeweka oda ndani ya miezi 12 alihesabiwa, hata kama aliifuta.

Si uongo. Kampuni imeandika wazi inahesabu nini. Lakini anayesoma namba kubwa peke yake atadhani ni fedha iliyoingia.

Hatua ya 4. Weka namba ya matangazo kando ya ile iliyopita mikononi mwa mkaguzi wa hesabu. Mapato ya Jumia mwaka huo yalikuwa takriban yuro milioni 129, na hasara ya uendeshaji takriban milioni 170. Mapato kuwa chini ya GMV si ajabu, kwani bidhaa nyingi ni za wauzaji wengine na Jumia huchukua kamisheni na ada tu. Cha kutazama ni kwamba mapato na hasara vimo kwenye hesabu zilizokaguliwa, GMV haimo.

Agosti 2019 kampuni yenyewe ikatangaza kwamba imegundua oda zisizo halali zilizowekwa kisha zikafutwa. Ilikadiria zilikuwa kama asilimia 2 ya GMV ya 2018, na asilimia 4 ya robo ya kwanza ya 2019. Hesabu za fedha, ilisema, hazikuguswa. Ndivyo inavyotarajiwa: oda iliyofutwa haileti mapato, lakini GMV inaipokea kwa mikono miwili.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nitajuaje ukurasa umekaguliwa au la?*
Tazama namba ya ukurasa. Kwenye nyaraka za SEC, hesabu zilizokaguliwa huwekwa mwishoni, na kurasa zake huandikwa F-1, F-2, F-3 na kuendelea. Ndiyo, inachanganya na jina la fomu! Anza na ripoti ya mkaguzi iliyo mwanzoni mwa kurasa hizo.

*Basi GMV tuitupe kabisa?*
Hapana, dada. Inafaa kuona mwelekeo, mradi maana yake haijabadilika. Linganisha maelezo ya mwaka huu na ya mwaka jana. Yakibadilika, uliza kama namba za zamani zimehesabiwa upya.

*Na kampuni isiyo kwenye soko la hisa? Hapa Dar ndizo nyingi.*
Kwa Tanzania omba taarifa za usajili BRELA, kwa Kenya omba CR12, hati ya msajili wa kampuni. Utapata wakurugenzi na wanahisa, kwa hiyo madai ya umri wa kampuni na wamiliki wake unaweza kuyapima. Mauzo na idadi ya wateja hutayakuta humo. Hayo yaandike daftarini kama "kampuni inasema", na ukiwa unataka kuweka fedha zako, omba hesabu zilizokaguliwa zenye saini ya mkaguzi, kisha umtafute mkaguzi huyo kwenye orodha ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu ya Tanzania.