Somo: Koili mbili, nukta mbili, na alama ya M isiyokupoteza

Wakuu, wengi wetu tukikosea hesabu ya koili zinazoshirikiana sumaku, hatukosei ukubwa wa M, yaani induktansi ya pamoja. Tunakosea alama yake: ni jumlisha au ni toa? Ubaya wa kosa hili ni kwamba kuna saketi ambamo halionekani kabisa, na kuna nyingine ambamo linaunguza fyuzi. Nitachukua jozi moja ya koili na kwenda nayo kuanzia mezani kwenye mita hadi kwenye milinganyo.

Hatua ya 1: Jua nukta inasema nini

Mkondo ukibadilika kwenye koili ya kwanza, sumaku yake inabadilika, na sehemu ya sumaku hiyo inapita ndani ya koili ya pili na kuzalisha volteji huko. Induktansi ya pamoja, M, ndiyo kipimo cha uhusiano huo. M ikiwa 3 mH, mkondo unaobadilika kwa ampea 1 kila sekunde upande mmoja unazalisha milivolti 3 upande wa pili.

Upande gani wa koili ya pili utakuwa chanya? Hilo linategemea waya umezungushwa kuelekea wapi, na mchoro wa saketi hauonyeshi mzunguko wa waya. Nukta zimewekwa kuchukua nafasi ya picha hiyo. Kanuni yenyewe ni moja tu:

Mkondo unaoongezeka ukiingia kwenye nukta ya koili moja, volteji inayozaliwa kwenye koili ya pili ina chanya kwenye nukta yake. Ukiingia upande usio na nukta, chanya inakuwa kwenye upande usio na nukta.

Kanuni hii haisemi mkondo wa koili ya pili unaelekea wapi. Inasema volteji. Mkondo utaamuliwa na kilichofungwa pale. Ukishika tofauti hii, nusu ya makosa yameisha.

Hatua ya 2: Tafuta nukta na M kwa mita

Tuna koili mbili zisizo na alama. Kila moja ikipimwa peke yake kwa mita ya LCR, nyingine ikiwa wazi, tunapata 4 mH na 9 mH. Sasa ziunganishe mfululizo: mwisho wa ya kwanza kwenye ncha mojawapo ya ya pili. Pima. Kisha geuza ncha za koili ya pili, upime tena. Tuseme tumepata 19 mH na 7 mH.

Zingekuwa hazishirikiani chochote, majibu yote mawili yangekuwa 13 mH. Hapa sumaku zinasaidiana mara moja na kupingana mara nyingine:

```
L1 + L2 + 2M = 19 mH
L1 + L2 - 2M = 7 mH
4M = 19 - 7 = 12
M = 3 mH
```

Kwenye muunganiko uliotoa 19, mkondo uleule unaingia koili zote mbili kupitia ncha zenye nukta. Kwa hiyo rudi kwenye muunganiko huo, fuata waya kwa kidole, na popote mkondo unapoingia kila koili weka nukta. Zimeshapatikana.

Uhakiki mmoja kabla ya kusonga mbele: M haiwezi kuzidi kipeuo cha pili cha zao la L1 na L2, ambacho hapa ni 6 mH. Kigawo cha mshikamano k ni 3 gawanya kwa 6, yaani 0.5. Nusu ya kiwango cha juu kabisa. Inakubalika.

Hatua ya 3: Andika milinganyo

Saketi ni hii. Chanzo cha volti 10 za AC, ω ikiwa radiani 1000 kwa sekunde, kimefungwa mfululizo na rezista ya Ω 4 na koili ya 4 mH. Upande wa pili, koili ya 9 mH imefungwa kwenye mzigo wa Ω 9. Pande hizi mbili hazigusani kwa waya. Nukta zote ziko juu.

Nachora mishale ya mikondo ya vitanzi, I1 na I2, yote ikizunguka kama mshale wa saa. Hapa simama kidogo uangalie. Koili ya kwanza iko upande wa kulia wa kitanzi chake, kwa hiyo I1 inashuka ndani yake: inaingia kwenye nukta. Koili ya pili iko upande wa kushoto wa kitanzi chake, kwa hiyo I2 inapanda: inatoka kwenye nukta. Mmoja unaingia, mwingine unatoka, basi alama ya M ni kinyume na alama ya L. Yote miwili ingeingia, au yote miwili ingetoka, alama zingefanana. Kwa ω hiyo, kila 1 mH inakuwa Ω j1, kwa hiyo 4, 9 na 3 mH zinaandikwa j4, j9 na j3.

```
10 = (4 + j4) I1 - j3 I2
 0 = (9 + j9) I2 - j3 I1
```

Usijaribu kukisia mkondo wa kweli unaelekea wapi ndipo uchore mshale. Chora utakavyo, kisha nukta zikupe alama. Mshale ukiwa kinyume na hali halisi, jibu litakuja na alama ya kutoa au na pembe iliyogeuka nyuzi 180, na bado ni sahihi.

Hatua ya 4: Tatua

Mlinganyo wa pili unatupa I2 kwa kutumia I1. Tukiupachika kwenye wa kwanza, upande wa mzigo unajitokeza upande wa chanzo kama impedansi ya ziada:

```
I2 = j3 I1 / (9 + j9)
Z ya ziada = 3² / (9 + j9) = 0.5 - j0.5
Z jumla = 4.5 + j3.5
I1 = 1.754 A, pembe -37.9°
I2 = 0.413 A, pembe 7.1°
```

Tazama hiyo -j0.5. Upande wa mzigo una induktansi, lakini ukitazamwa kutoka upande wa chanzo unaonekana kama kapasita. Hapo hakuna kosa la hesabu.

Tuhakiki kwa nguvu. Chanzo kinatoa wati 13.85. Rezista ya Ω 4 inakula 12.31 na mzigo 1.54. Hesabu inafunga.

Hatua ya 5: Geuza nukta moja uone

Hamisha nukta ya koili ya pili iwe chini. Alama za j3 zinageuka kote kuwa jumlisha. Tatua tena: I1 ni ileile, kwa sababu M imeingia ikiwa imepigwa kipeo cha pili. Nguvu ni zilezile. Kilichobadilika ni I2 tu, imegeuka nyuzi 180.

Maana yake, uhakiki wa nguvu haukulindi. Mtu anaweza kukosea nukta, hesabu ikafunga vizuri, akaondoka ameridhika.

Sasa chukua koili hizohizo, ziunganishe mfululizo moja kwa moja kwenye volti 10 hizohizo. Zikisaidiana, impedansi ni Ω 19 na mkondo ni 0.53 A. Zikipingana, ni Ω 7 na mkondo ni 1.43 A, karibu mara tatu. Mara tu koili zinapounganishwa kwa waya, nukta inaamua ukubwa wa majibu.

Kwenye transfoma yenye kiini cha chuma hali inakuwa kali zaidi. Chukua koili mbili zinazofanana, k ikiwa 0.99. Zikisaidiana induktansi ni 3.98L, zikipingana ni 0.02L, tofauti ya karibu mara 200. Niliwahi kufunga koili mbili za upande wa kuingizia umeme zikipingana hivyo bila kupima, nikiamini rangi za waya. Fyuzi ilikatika palepale nilipowasha, na transfoma yenyewe haikuwa na ubovu wowote.

---

Maswali ya wanachama

Mkuu, mimi sina mita ya LCR. Naweza kupata nukta kwa betri?

Unaweza, ila hutapata M. Fungisha volti 1.5 kwa kitambo kidogo kwenye koili moja na uangalie multimita ya mshale iliyo kwenye nyingine, ikiwa kwenye volti za DC. Ukigusisha, mshale ukiruka upande wa chanya, basi ncha iliyoguswa na chanya ya betri na ncha iliyoshika waya mwekundu wa mita zina nukta. Ukiachia, mshale utaruka kinyume. Angalia ule wa kugusisha tu. Faraday aliona jambo hilihili mwaka 1831 kwenye pete yake ya chuma yenye koili mbili: sindano ilicheza wakati wa kuunganisha na wakati wa kukata, na katikati ilitulia. Multimita ya tarakimu mara nyingi ni nzito kukamata mruko huo. Tena usishike ncha tupu unapoachia. Koili yenye mizunguko mingi hutoa volteji kali wakati mkondo unakatika, hata kama betri ni ndogo.

Nimepima kama ulivyosema, nimepata k ya 1.2. Nimekosea wapi?

Kanuni ulizotumia ni sahihi, vipimo ndivyo havikubaliani. Kwenye kiini cha chuma, induktansi hubadilika kulingana na masafa na ukubwa wa mkondo wa kupimia. Mita nyingine hujichagulia masafa zenyewe thamani inapobadilika, kwa hiyo 4 mH ikapimwa kwa masafa mengine na 19 mH kwa mengine. Funga masafa yawe mamoja kwa vipimo vyote vinne, urudie. Hakiki pia kwamba wastani wa vipimo viwili vya mfululizo unalingana na L1 jumlisha L2. Kwenye mfano wangu, 19 na 7 wastani wake ni 13. Usipolingana, kipimo kimojawapo kina kasoro.

Nikiweka nukta zote mbili kwenye ncha za upande wa pili, ni kosa?

Si kosa. Zikihama pamoja hakuna kinachobadilika. Nukta moja peke yake haina maana yoyote, maana iko kwenye jozi.

Na koili zikiwa tatu? Naweka nukta tatu?

Mara nyingine inawezekana, mara nyingine haiwezekani. Zikiwa zote kwenye nguzo moja ya kiini, nukta tatu zinatosha. Lakini fikiria kiini chenye nguzo tatu, kila nguzo na koili yake, zote zimezungushwa upande mmoja. Sumaku inayopanda nguzo ya kwanza inashuka kwenye ya pili na ya tatu. Kwa hiyo kama nukta ya kwanza iko juu, ya pili lazima iwe chini na ya tatu pia chini. Sasa angalia ya pili na ya tatu peke yao: nazo zinapaswa kuwa kinyume, na tumeshaziweka sawa. Hakuna mpangilio wa nukta tatu unaotosheleza jozi zote. Hapo kila jozi hupewa alama yake: nukta kwa ya kwanza na ya pili, mraba kwa ya pili na ya tatu, pembetatu kwa ya kwanza na ya tatu. Unapoandika mlinganyo, kila M inasomwa kwa alama ya jozi yake peke yake.