Kuku wa nyama: uuze wangapi ndipo faida ianze?

Mfugaji anayeingiza vifaranga 300 wa nyama huanza na hesabu ya jumla: kuku 300 mara bei ya sokoni. Hesabu inayotakiwa kwanza ni ya kuku wangapi watarudisha gharama zote, na wangapi wanabaki juu ya hapo.

Tuchukue mfano. Kodi ya banda kwa mkupuo mmoja ni shilingi 150,000, posho ya kijana 200,000, mkaa, umeme na maranda 90,000. Jumla 440,000. Hizi ndizo gharama za kudumu: zinatoka hata ukiuza kuku mmoja tu. Ukihudumia banda mwenyewe, bado andika posho yako humo.

Gharama ya kila kuku ni kifaranga 1,700, chakula kilo 3 kwa 1,300 sawa na 3,900, chanjo ya kideri na gumboro pamoja na dawa 200, usafiri 200. Jumla 6,000. Ukimuuza 8,000, anakuachia 2,000 za kulipia zile gharama za kudumu. Gawa 440,000 kwa 2,000, unapata kuku 220. Wa 221 ndiye anayeanza kukupa faida, na kati ya 300 una akiba ya kuku 80.

Ila akiba hiyo inadhani hafi hata mmoja. Tuseme wamekufa 15, na kila mmoja alishakugharimu wastani wa 2,500 za kifaranga na chakula. Hizo 37,500 zinabebwa na walio hai, kwa hiyo ziongeze kwenye gharama za kudumu: 477,500. Sasa unahitaji kuuza 239, na unao 285. Akiba imeshuka hadi 46, yaani asilimia 16 ya kuku ulionao.

Asilimia 16 inatuliza, na hapo ndipo wengi wanapoumia, kwa sababu bei ikiyumba akiba hiyo huisha haraka mno. Gawa 477,500 kwa kuku 285, upate karibu 1,676; ongeza 6,000. Bei ya chini kabisa unayoweza kukubali ni 7,676. Mnunuzi akikushusha hadi 7,500, utauza kuku wote 285 na bado utakuwa na hasara ya shilingi 50,000.

Tena kuku wa wiki tano hula takribani gramu 150 kwa siku, ambazo hapa ni shilingi 195. Ukiuza kwa kichwa na si kwa kilo, uzito unaoongezeka haukulipi. Siku mbili za kumsubiri mnunuzi zinakula 390 kwa kila kuku, wakati nafasi yako kwenye bei, yaani 8,000 kutoa 7,676, ilikuwa 324. Kwa hiyo tafuta mnunuzi na mkubaliane siku ya kuchukua mzigo kuku wakiwa na wiki tatu, kabla hawajafika uzito wa kuuzwa. Na ikiwa bei ya maelewano iko chini ya 7,676, punguza gharama ya chakula au kodi kabla ya kuagiza vifaranga wengine, maana kuongeza idadi peke yake huongeza pia vifo na mifuko ya chakula.